Kupanda kipeo ni rahisi, kushuka ndiko kazi

Tuseme karani wa ghala la korosho Tandahimba na mhasibu wake aliyeko Mtwara mjini wanataka kupata namba ya siri ya pamoja, na laini wanayotumia inasikilizwa. Njia iliyotolewa na Diffie na Hellman mwaka 1976 inawatosha. Wanatangaza hadharani namba tasa p na namba g itakayopandishwa. Kila mmoja anachagua kipeo chake cha siri, anakipandishia g, anagawanya kwa p, kisha anatuma baki peke yake. Baki ya mwenzake anaipandisha tena kwa kipeo chake mwenyewe, na wote wawili wanafika kwenye namba ileile.

Vijana wa kompyuta ninaowafundisha hapa Mtwara huuliza mara moja: p na g vinajulikana, baki inaonekana, sasa msikilizaji anashindwaje kukipata kipeo?

Tuchukue p = 101 na g = 2, na siri ya karani iwe 77. Hahitaji kuzidisha 2 mara 76. Anazidisha kila jibu kwa lenyewe, na kila linapovuka 101 anabakiza baki:

```
2^1  = 2
2^2  = 4
2^4  = 16
2^8  = 54
2^16 = 88
2^32 = 68
2^64 = 79
```

Kwa kuwa 77 ni 64 + 8 + 4 + 1, anazidisha 79, 54, 16 na 2, akichukua baki kila hatua: 24, kisha 81, kisha 61. Anatuma 61. Jumla amezidisha mara tisa. Kipeo kikiongezeka ukubwa maradufu, kazi inaongezeka kwa hatua moja au mbili tu, ndiyo maana hata kipeo chenye tarakimu mia sita hakiitoi kompyuta jasho. Kwenye Python ni `pow(2, 77, 101)`. Usiandike `2**77 % 101`: kwa namba ndogo jibu ni lilelile, lakini kwa namba kubwa utaijaza kumbukumbu ya mashine kabla hujaifikia alama ya baki.

Msikilizaji ana 61 na anatafuta x ambayo 2^x inabakiza 61. Hii ndiyo logi katika hesabu za baki. Logi ya kawaida hukadiriwa, kwa sababu namba ikikua nayo inakua. Hapa baki zinarukaruka: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 27, 54, 7, 14. Kuwa karibu na 61 hakumwambii chochote kuhusu x.

Hata hivyo, 101 ni chaguo baya, na ubaya wake si udogo tu. Tazama p − 1: ni 100, yaani 2 × 2 × 5 × 5, vigawo vidogo vitupu. Pohlig na Hellman walionyesha mwaka 1978 jinsi ya kuutumia mwanya huo. Msikilizaji anaipandisha 61 kwa kipeo cha 50, kwa mbinu ileile ya karani, anapata 100. Ingekuwa x ni shufwa angepata 1; basi x ni witiri. Kisha anaipandisha 61 kwa 20, anapata 36. Naye anajua 2^20 inabakiza 95, na 95 × 95 inabakiza 36. Kwa kuwa 2^100 inabakiza 1, hesabu hiyo ya kipeo cha 20 huonyesha tu baki ya x ikigawanywa kwa 5, nayo ni 2.

Namba witiri inayobakiza 2 ikigawanywa kwa 5 lazima iishie na 7. Tarakimu ya mwisho ya siri imeshavuja! Zimebaki 7, 17, 27 na kuendelea hadi 97. Baki zake ni 27, 75, 40, 55, 63, 74, 26, 61. Ya nane ni 77.

Sasa badilisha p iwe 107. Ukubwa ni karibu uleule, lakini 106 ni 2 × 53, na 53 ni tasa. Msikilizaji atajua shufwa au witiri, basi. Mbinu ya kuvunja vipande inagonga mwamba. Ndiyo maana kwa kazi halisi mimi hudai p ambayo (p − 1)/2 nayo ni tasa, na yenye biti 2048 au zaidi. Umbo zuri peke yake halitoshi, kwani zipo mbinu nyingine zisizojali vigawo: mwaka 2019 watafiti walipata logi kwa namba tasa ya biti 795, kwa kompyuta nyingi sana. Na ieleweke kwamba hakuna aliyethibitisha kihisabati kuwa njia ya mkato ya kurudi nyuma haipo. Tunategemea kwamba wengi wameitafuta bila kuipata.

Ukikabidhiwa seva yenye faili la vigezo hivi, yaani p na g, lipime kwanza:

```
openssl dhparam -in dh.pem -check -noout
```

Amri hii huangalia kama p ni tasa na kama (p − 1)/2 ni tasa pia. Ikilalamika, litupe faili hilo, utumie vigezo vilivyochapishwa kwenye RFC 7919, mojawapo ya hati za viwango vya intaneti.