Imani ya mteja si uaminifu wako

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wafasiri, wiki hii tena mtu ameuliza: "Nimepewa nyota moja, nifanyeje kurudisha uaminifu kwa wateja?" Swali hili nimelisoma mara nyingi kwa maneno hayohayo, na kila mara majibu yanakwenda kombo kwa sababu neno lenyewe limekwenda kombo. Alichopoteza si uaminifu, ni imani ya wateja.

Kwa kifupi, imani ya mteja ni ule utayari wake wa kukukabidhi kazi na pesa kabla hajaona utakachofanya. Uaminifu ni tabia yako wewe: huibi, hudanganyi, unatimiza ahadi. Imani inakaa kwa mteja, uaminifu unakaa kwako.

Maneno haya mawili ni ndugu, na ndiyo maana yanachanganywa. Yote yanatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye herufi tatu, alifu yenye hamza, mimu na nuni, unaobeba maana ya usalama, ya moyo kutulia bila hofu. Humo tumepata amani, imani, amini, amana na muumini. Kiswahili hakikuishia kuyapokea. Kilichukua kitenzi "amini" na kukivisha viambishi vyake vya Kibantu, tukapata aminika, aminiana, aminisha, mwaminifu na uaminifu.

Hapo kwenye "mwaminifu" pana jambo la kustaajabisha. Kiambishi cha mwisho -fu au -vu, kikiungana na kitenzi, kwa kawaida humtaja mtendaji: mvumilivu ndiye anayevumilia, msahaulifu ndiye anayesahau, mdanganyifu ndiye anayedanganya. Kwa kanuni hiyo mwaminifu angekuwa mtu anayeamini. Lakini mazoea ya wasemaji yamempeleka upande wa pili: mwaminifu ni yule anayestahili kuaminiwa, na anayeamini amebaki na jina la muumini. Neno moja limevuka kutoka kwa anayetoa imani hadi kwa anayeipokea. Sishangai basi kwamba mtu akitafuta neno la kile kilichomtoka mteja, mkono wake unaangukia "uaminifu".

Na kuna neno la tatu ambalo watu hulipita bila kulitazama: amana. Amana ni kitu ulichowekewa na mwenyewe akijua atakikuta. Benki bado zinalitumia, mtu anafungua akaunti ya amana. Kwenye kazi za mtandaoni amana ipo waziwazi. Ukichukua kazi ya bei iliyopangwa kwenye jukwaa la Upwork, mteja anaweka pesa kwanza, zinashikiliwa na jukwaa, na ukishawasilisha kazi ana siku 14 za kuikagua kabla pesa hazijaachiliwa kwako zenyewe. Yaani jukwaa limejenga mfumo mzima ili watu wawili wasiojuana wafanye kazi hata kama imani baina yao ni ndogo. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Inaamua utaandika nini chini ya yale maoni mabaya.

Yupo dada mmoja wa Morogoro ninayemsaidia kazi. Alikuwa na kazi nane kwenye profaili yake, zote nyota tano. Ya tisa ilikuwa mahojiano na akina mama wanaouza mboga sokoni, karibu saa mbili na nusu za sauti, ayaandike kisha ayafasiri kwa Kiingereza kwa mtafiti aliyeko nje. Kazi aliifanya kwa bidii na akaiwasilisha siku moja kabla. Ikapata nyota mbili. Maoni ya mteja yalikuwa mafupi: saa zote zimekosewa, ilibidi nikague upya kila kitu.

Tulifungua faili pamoja. Mama mmoja anasema anatoka nyumbani saa kumi usiku kuwahi mzigo. Kwenye Kiingereza imeandikwa saa kumi ya usiku, kama vile anatoka watu wanapokwenda kulala. Mwingine anasema wanafungua meza saa mbili asubuhi, na tafsiri inasema wanafungua wakati jogoo hata hajawika. Alikuwa amehamisha namba bila kuhamisha saa. Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza kwa jua, wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. Kosa lilijirudia mara 11.

Je, huyu alikosa uaminifu? Hata kidogo. Hakuiba, hakudanganya, hakuchelewa. Lakini mteja alikuwa na haki ya kuacha kumwamini, kwa sababu mtu akikuta makosa 11 ya saa, hana tena namna ya kujua majina na bei zimewekwa sawa au la. Imani inaweza kutoka kwa mteja na uaminifu wako ukabaki mzima.

Jibu lake la kwanza, kabla hajalituma, lilianza hivi: "Mimi ni mtu mwaminifu na nimefanya kazi hii kwa miaka mitatu." Likaendelea kusema mteja hakutoa maelekezo kuhusu saa. Nilimwomba alifute. Alikuwa anajitetea kwa jambo ambalo hakushtakiwa. Na anayelisoma jibu si yule mteja, huyo ameshaondoka. Anayelisoma ni mteja wa kesho aliyefungua profaili na kushuka moja kwa moja hadi kwenye nyota chache. Huyo hajali tabia yako, kwa kuwa hana namna ya kuipima. Anauliza moja tu: hili likinitokea mimi, itakuwaje?

Jibu lililokwenda, kwa Kiingereza chake, lilisema hivi: "Ni kweli, saa za Kiswahili sikuzigeuza katika sehemu 11. Faili zilizorekebishwa nilizituma siku iliyofuata bila malipo. Sasa kila kazi ninaiwasilisha na ukurasa mmoja wenye orodha ya saa, tarehe na majina yote, pamoja na dakika yanaposikika kwenye sauti." Basi. Hakuna kuapa, hakuna kumlaumu mteja, hakuna kuomba huruma. Kosa limetajwa kwa jina, marekebisho yametajwa, na kuna kitu kipya ambacho mteja wa kesho anaweza kukidai. Sharti ni kwamba yote matatu yawe kweli: faili ziwe zimetumwa kabla hujaandika kwamba umezituma, na ukurasa ule uwepo kwenye kazi inayofuata.

Ambacho hakufanya ni kumfuata mteja kumwomba apandishe nyota kwa ahadi ya punguzo. Upwork na Fiverr wote wanakataza kununua au kushinikiza maoni, na mtu anaweza kufungiwa akaunti. Hapa ndipo uaminifu wenyewe, ule wa tabia, unapoweza kupotea kweli.

Baadaye akaniuliza wastani wake utarudi lini. Hesabu yake si ngumu. Kazi nane za nyota tano na moja ya mbili ni 42 ukigawa kwa tisa, yaani kama 4.67. Ile kazi moja imepungukiwa nyota tatu. Ili wastani ufike 4.8, upungufu huo wa tatu lazima ugawanyike kwa kazi 15, kwa hiyo anahitaji sita zaidi za nyota tano. Kufika 4.9 anahitaji jumla ya kazi 30, yaani 21 zaidi. Huo ni wastani wa kawaida. Majukwaa mengine yana mizani yao, lakini sura ni hiyohiyo: hatua ya kwanza iko karibu, ya pili iko mbali sana.

Tena nyota zinazoonekana si hesabu yote. Upwork humuuliza mteja maswali mengine faraghani, majibu yake wewe huyaoni, na yanaingia kwenye Job Success Score, ile asilimia ya mafanikio ya kazi zako. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nyota tano mfululizo na asilimia ikashuka, kisha akadhani mfumo umeharibika. Mteja alimwonea haya hadharani, akasema ukweli faraghani. Kama imani ingekuwa ndiyo nyota, jambo hilo lisingewezekana.

Alichofanya baada ya hapo kinarudi kwenye lile neno amana. Imani haiombwi yote kwa mkupuo. Unaomba amana ndogo, unairudisha ikiwa nzima, kisha unaomba kubwa kidogo. Aliacha kwa muda kazi za saa nyingi za sauti, akaomba zile za dakika 15 hadi 30. Kwenye kazi kubwa chache alizopata, alipendekeza igawanywe: dakika kumi za kwanza ziwasilishwe, mteja azikague na kuzilipia, ndipo aendelee. Mteja anapoteza kidogo sana ikiharibika, na yeye anajua mapema kama wameelewana kuhusu saa, majina na alama za muda.

Bei kwa dakika hakuishusha, na hapo tulibishana kidogo kwa sababu yeye alitaka kuipunguza nusu. Ninaona ni kosa. Mteja anayekuja kwa sababu ya bei nusu hajakuamini zaidi, amekubali tu kubahatisha kwa pesa kidogo. Punguza ukubwa wa kazi, usipunguze thamani ya dakika moja. Na kazi ndogo ina faida nyingine: unapata muda wa kuikagua mara mbili, jambo ambalo kwenye ile ya saa mbili na nusu hakulifanya.

Kazi ya nne baada ya lile kosa ilitoka kwa mteja aliyekuwa amempa dakika 20. Safari hii alimpa mahojiano sita, na hakutaka kipande cha majaribio. Hiyo ndiyo imani imerudi, wastani ukiwa bado haujafika hata 4.8.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeuliza kundini, swali lako lina haki zote, ila libadilishe neno. Kama ulichukua pesa ukatoweka, au ulitoa kazi ya mwingine ukasema ni yako, basi sawa, sema uaminifu, na hapo jibu linaanzia kwako mwenyewe. Lakini kama ulikosea saa, au ulichelewa, au hukumwelewa mteja, uliza: "Nifanyeje wateja waniamini tena?" Halafu tuwekee hapa jibu uliloliandika chini ya ile nyota moja, tulisome pamoja kabla hujalituma.