Mnazi umegoma kuwa siki? Angalia mdomo wa mtungi kwanza

Mwezi uliopita mama mmoja wa Rabai aliniletea mtungi wa plastiki wa lita 20, hii mitungi ya maji tunayoijua sote, umejaa mnazi mpaka shingoni na mfuniko umekazwa na kipande cha nailoni chini yake. Huyu mama hutengeneza achari ya embe anaiuza Kongowea, na alitaka aache kununua siki ya dukani atumie ya kwake mwenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, wiki ya sita hii, kila nikifungua bado ni pombe. Nimeufunga vizuri kabisa usiingie uchafu, sasa nimekosea wapi?"

Kosa lilikuwa hapo hapo kwenye kufunga vizuri. Na nataka nilieleze taratibu manake naliona sana kazini kwangu, napima siki na vyakula vya chachu huu mwaka wa tisa sasa, na watu wengi wanadhani mnazi kugeuka pombe na pombe kugeuka siki ni jambo moja linaloendelea tu lenyewe ukiliacha likae. Ni kazi mbili, zinafanywa na viumbe wawili tofauti, na wa pili ana sharti ambalo wa kwanza hana.

Mgema akishakata karara kwa kotama yake, yale maji yanayodondoka ni matamu, yana sukari nyingi, na kabla hata hajashuka mnazini hamira za porini zimeshaingia kwenye kibuyu. Hamira haijali hewa. Yenyewe inakula sukari inatoa pombe na gesi ya kaboni, hata ukiifunga inaendelea mpaka mfuniko uruke. Ndio maana mnazi mtamu wa asubuhi kesho yake ni mnazi mkali, siku moja tu yatosha.

Halafu ndio wanakuja bakteria wa siki, ukoo wa Acetobacter na jamaa zake kina Komagataeibacter. Hawa chakula chao ni ile pombe, lakini hawaivunji kama hamira inavyovunja sukari. Wanaichoma. Naposema kuchoma sina maana ya moto, nina maana kwamba pombe inaunganishwa na oksijeni kama kuni zinavyounganishwa na oksijeni jikoni, tofauti ni kwamba bakteria wanaikatiza njiani haifiki kuwa jivu, inaishia kuwa asidi ya asetiki. Ukiiandika ni hivi:

```
C2H5OH + O2 → CH3COOH + H2O
```

Molekuli moja ya pombe, molekuli moja ya oksijeni, hakuna punguzo. Kwenye ngozi ya bakteria kuna vimeng'enya viwili, cha kwanza kinanyang'anya pombe elektroni zake inakuwa asetaldehidi, cha pili kinainyang'anya asetaldehidi inakuwa asidi, na zile elektroni zinapitishwa mkono kwa mkono ndani ya ngozi mpaka mwisho wa foleni ambapo oksijeni inazipokea na kuwa maji. Hiyo foleni ndiyo inayompa bakteria nguvu za kuishi. Oksijeni isipokuwepo pale mwisho, wa kupokea hayupo, foleni inasimama, na vimeng'enya vya mbele haviwezi kuchukua pombe nyingine kwa sababu mikono yao imejaa. Hamira ikikosa hewa ina njia nyingine ya kupata nguvu. Hawa hawana.

Sasa tuupigie hesabu mtungi wa mama. Nilichukua mililita 100 nikazichemsha, nikakusanya mvuke wake ukapoa, nikapima kwa haidromita: pombe asilimia 5.4 kwa ujazo, yaani gramu 43 hivi kwa kila lita. Ili zote ziwe siki, kila lita inataka gramu 30 za oksijeni. Na maji kwa joto letu hili la Mombasa, nyuzi 30, yakishiba hewa kabisa yanashika milligramu saba na nusu tu za oksijeni kwa lita. Ukigawanya utaona ile oksijeni iliyomo ndani ya mnazi lazima iishe na ijazwe upya karibu mara 4,000. Kwa upande wa hewa tunayovuta, ni kama lita 110 za hewa kwa lita moja ya mnazi, na hiyo ni kama bakteria watakamua oksijeni yote isibaki hata chembe. Mtungi mzima unataka zaidi ya lita 2,000 za hewa. Wa mama ulikuwa na hewa ya kikombe kimoja pale shingoni, na hata hiyo kwa siku za mwanzo ilikuwa imeshasukumwa nje na gesi ya kaboni ya hamira.

Asidi nayo nikaipima, ilikuwa asilimia 1.3, na nyingi katika hiyo ni ile ya maziwa lala, bakteria wengine wanaitengeneza bila hewa. Kwahivyo ule uchachu aliokuwa akiuonja kila Ijumaa akidhani siki inakaribia haukuwa siki. Kupima ni rahisi, mililita tano za siki, tone la fenoftalini, unadondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M mpaka rangi ya waridi ibaki haiondoki, na kila mililita uliyodondosha unahesabu asilimia 0.12 ya asidi.

Tukafanya hivi. Nilitoa lita 16 kwenye mtungi nikazigawa mabeseni mawili ya plastiki ya chakula, upana sentimita 40, kila beseni lita nane za mnazi na lita mbili za siki yangu hai yenye asidi asilimia 5. Siki hai maana yake haijachemshwa, ina bakteria ndani, na ile asidi yake pia inawafukuza vijidudu vingine mapema. Kina kilikuwa sentimita nane. Ukipima uso wa kukutana na hewa, beseni moja ni zaidi ya mara 60 ya mdomo wa ule mtungi, na hilo ndilo lililokuwa likitakiwa, si ujazo. Juu nikafunika leso kuukuu ya pamba na kuizungushia mpira, hewa inapita, inzi wadogo wa matunda hawapiti. Usitumie sufuria za alumini, asidi itazila.

Zile lita nne zilizobaki nikaziacha kwenye mtungi ule ule na mfuniko umekazwa kama alivyouleta, kwa sababu nilitaka mama aone kwa macho yake. Sasa juu ya mnazi mlikuwa na lita 16 za hewa, mtu angesema hiyo ni hewa kibao.

Siku ya tatu mabeseni yakaota utando mwembamba wa kijivu kama vumbi juu ya maji, wiki ya pili ukawa mzito unateleza kama nyama ya dafu changa. Huo utando ni bakteria wenyewe wamejifumia selulosi ili waelee juu, mdomo kwenye pombe na pua kwenye hewa. Louis Pasteur aliliona hili miaka ya 1860, kwamba utando ukizama kazi inasimama mpaka mwingine uote. Kwahivyo tafadhali usikoroge, usihamishe beseni kila siku kuonyesha wageni. Ukitaka sampuli ingiza mrija pembeni polepole.

Asidi ilianza asilimia 2.0 baada ya kuchanganya, siku ya 23 ikafika 5.4. Kwa hesabu ya karatasi ingefika 6.4, iliyopungua ni pombe iliyoruka na hewa, hilo haliepukiki kwenye chombo kipana na joto letu hili. Na mtungi? Kutoka 1.3 hadi 1.5. Lita 16 za hewa zina gramu nne na kidogo tu za oksijeni, na gramu nne zinatoa gramu nane za asidi, ukizigawa kwa lita nne ni asilimia 0.2 basi. Yaani iliishia pale pale hesabu iliposema itaishia. Ukiufungua ulikuwa unanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, hiyo ni ethili asetati, na mimi nikiinusa kali hivyo kitu cha kwanza nauliza ni hewa inaingiaje.

Watu huniuliza mbona wasitie pampu ya akwariamu wapulize hewa ndani mambo yaende haraka. Viwanda vinafanya hivyo tangu karne iliyopita, matangi makubwa yenye feni chini, na kwa siku moja au mbili kundi zima limekuwa siki. Lakini kuna gharama. Bakteria akielea ndani ya asidi kali anatumia nguvu muda wote kuisukuma ile asidi nje ya mwili wake, na nguvu inatoka kwenye ile foleni ya oksijeni. Hewa ikikatika, nguvu imekatika, asidi inaingia, anakufa, na si lazima ikatike kwa masaa. Mimi nilipoteza lita 30 usiku mmoja stima ilipopotea dakika 40, asubuhi nikawasha pampu kama kawaida na asidi haikupanda tena, nikaanza upya na mbegu mpya. Na ukipuliza kwa nguvu sana unakuwa unaikausha pombe kabla haijaliwa. Kwa mama wa achari beseni na leso vinatosha, nimemwambia hivyo bila kusita.

Jambo la mwisho ndilo linalowaponza waliofanikiwa. Pombe ikiisha bakteria hawalali, wanageukia siki yenyewe na kuichoma iwe gesi ya kaboni na maji, kwa oksijeni ile ile. Bakuli moja niliiacha wazi siku kumi zaidi makusudi, ikashuka kutoka 5.4 hadi 4.6. Kwahivyo anza kupima mara kwa mara ukikaribia mwisho, asidi ikigoma kupanda vipimo viwili mfululizo ujue umefika. Hapo ndipo kufunga kwa mama kunakuwa sahihi: chuja, pasha mpaka nyuzi 65 bila kuchemsha, jaza chupa mpaka juu kabisa, kaza. Ukishatumia nusu chupa halafu ukaona utando unaota shingoni haijaharibika, ni wale wale hawakufa wote na umewapa hewa. Hamishia iliyobaki kwenye chupa ndogo inayojaa.