Mzigo "umeshikiliwa forodhani": maana ya taarifa hiyo, na nani hasa anayestahili kulipwa

Maneno "mzigo wako umeshikiliwa forodhani, lipa ili uachiliwe" yamesambaa kiasi kwamba watu wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yanakosea. Wa kundi la kwanza hulipa mara moja kwa kuamini kwamba serikali imekamata mali yao na kwamba fedha ndiyo fidia ya kuirudisha. Wa kundi la pili huona kila taarifa ya namna hiyo kuwa ni utapeli, wakaiacha bidhaa waliyoinunua kwa fedha zao mpaka ikaishia kwenye mnada. Nitaeleza jambo hili kwa kutumia utaratibu wa Tanzania, ambao kwa sehemu kubwa unatokana na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwa hiyo msomaji wa Kenya, Uganda, Rwanda au Burundi ataona misingi ile ile.

Kwa ufupi, kila kitu kinachoingia nchini kutoka nje huwa chini ya uangalizi wa forodha tangu kinapofika mpaka kitakapotolewa tamko, kikakadiriwa na kulipiwa kinachostahili. Kifurushi kilicho katika hatua hiyo kinasubiri tu, wala hakuna kosa lililotendeka.

Tatizo ni kwamba neno "kushikiliwa" linabebeshwa hali tatu ambazo kisheria hazifanani hata kidogo. Hali ya kwanza ni hiyo ya kusubiri kodi, na hapa malipo ndiyo yanayougomboa mzigo. Hali ya pili ni ya kusubiri nyaraka au kibali: forodha wameitilia shaka bei iliyoandikwa na wanataka kuona ankara, au ndani kuna dawa, na dawa zinahitaji idhini ya mamlaka inayozisimamia. Katika hali hii mtu anaweza kuwa na fedha mkononi na bado asipewe kitu, kwa sababu kinachokosekana ni karatasi. Hali ya tatu ni kukamatwa kwa maana yake halisi, yaani bidhaa imepigwa marufuku au imetolewa tamko la uongo. Hapo sheria inamtaka afisa ampe mwenye mali taarifa ya maandishi, pamoja na sababu, ndani ya mwezi mmoja tangu kukamata, isipokuwa mwenyewe alikuwapo wakati mali inakamatwa. Mwenye mali naye ana mwezi mmoja wa kudai haki yake kwa maandishi.

Ninasisitiza tofauti hii kwa sababu matapeli wanaishi katikati ya hali ya kwanza na ya tatu. Ujumbe wao hutisha kwa lugha ya kukamatwa, kisha hutoa suluhisho la kusubiri kodi: mzigo wako una tatizo kubwa la kisheria, lakini ukituma kiasi fulani leo, tatizo litaisha. Forodha haifanyi kazi hivyo. Mali iliyokamatwa ina njia yake ya maandishi, na hata pale kosa linapomalizwa kwa faini bila kwenda mahakamani, mwenye mali hukiri kosa kwa maandishi mbele ya mamlaka yenyewe na kupewa hati. Mali inayosubiri kodi nayo haina sababu ya kutishiwa polisi.

Tuangalie sasa kodi yenyewe, maana hapo ndipo taarifa ya kweli inapojitambulisha. Kodi ya forodha hukokotolewa kutoka kwenye thamani ya kitu, na thamani huanza na mtumaji. Kifurushi cha posta hubandikwa fomu ya tamko, inayojulikana duniani kote kwa jina la CN 22 kwa vifurushi vidogo na CN 23 kwa vikubwa, ambamo mtumaji anaandika ndani mna nini, uzito ni kiasi gani na thamani ni kiasi gani. Afisa wa forodha husoma tamko hilo, na anaweza kukifungua kifurushi akague, kisha hutafuta kiwango cha ushuru cha bidhaa hiyo. Viwango vikuu vya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35, kutegemea aina ya kitu.

Chukua mfano wa mtu wa Morogoro aliyeagiza bidhaa kutoka China kwa shilingi 240,000, bei ikiwa imejumlisha usafirishaji. Tuseme bidhaa hiyo iko katika kiwango cha asilimia 25. Ushuru wa forodha utakuwa shilingi 60,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18 kwa bidhaa zinazoingizwa, hutozwa juu ya thamani ikiwa imeshaongezewa ushuru, yaani juu ya shilingi 300,000, na hiyo inaleta shilingi 54,000. Jumla ni shilingi 114,000. Zipo pia tozo nyingine ndogo za kisheria ambazo nimeziacha ili hesabu ifuatike kwa urahisi. La msingi ni kwamba mtu huyu, akiwa na risiti yake ya ununuzi, anaweza kukaa na kalamu akafika karibu kabisa na kiasi anachodaiwa, na asipofika ana haki ya kuuliza ni thamani gani imetumika na kwa nini.

Linganisha na ujumbe ambao wengi wameupokea kwa namna moja au nyingine: rafiki aliyefahamika mtandaoni anasema ametuma zawadi kutoka Uingereza, na siku chache baadaye mtu anayejiita wakala anaandika kwamba kifurushi kiko uwanja wa ndege, ndani kuna simu, saa na fedha taslimu, na kwamba zinahitajika shilingi 850,000 kabla ya saa kumi jioni, zitumwe kwenye namba ya simu iliyotajwa. Jaribu kukokotoa kiasi hicho. Hakuna thamani iliyotajwa, hakuna kiwango cha ushuru, hakuna mchanganuo wa kodi gani ni kiasi gani. Namba hiyo haikutoka kwenye hesabu yoyote, imetoka kwenye makisio ya kile ambacho mlengwa anaweza kukikopa kwa haraka. Fedha taslimu nazo zinaiharibu hadithi yenyewe: noti hazina ushuru wa forodha wa kulipiwa ili zitoke, na fedha nyingi zilizofichwa ndani ya kifurushi bila tamko ni suala la sheria za kuzuia utakatishaji fedha, ambalo haliishi kwa mpokeaji kumtumia wakala chochote. Anayelipa mara ya kwanza kwa kawaida huombwa tena, safari hii kwa ajili ya cheti fulani, kisha bima, kisha gharama za kubadili cheti. Makadirio ya kweli yanaweza kuongezwa pale forodha wanapoikataa thamani ya awali, lakini nyongeza hiyo huja kama makadirio mapya ya mzigo ule ule, yenye mchanganuo, kutoka ofisi ile ile.

Baada ya kiasi, angalia nani anapokea. Hapa napo pamechanganywa mno, kwa sababu watu huambiwa kwamba kodi hailipwi kwa mtu yeyote isipokuwa serikali, na hilo ni kweli nusu. Kodi yenyewe ni ya Mamlaka ya Mapato, na kwa Tanzania hulipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali, kupitia benki au simu. Lakini kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi huilipa kodi hiyo kwanza kwa niaba ya mpokeaji ili mzigo usikae, kisha humdai yeye, zikiongeza ada ya huduma yao. Shirika la posta au ghala nalo linaweza kutoza gharama za kushughulikia na za kuhifadhi. Madai hayo ni halali, ila ni madai ya huduma, na yanapaswa kuandikwa mbali na kodi. Ukipokea dai la kampuni, omba nakala ya tamko la forodha na stakabadhi ya kodi waliyolipa. Kampuni ya kweli inazo. Malipo yanayoelekezwa kwenye namba ya simu yenye jina la mtu binafsi hayamo katika kundi lolote kati ya haya.

Kuna aina nyingine ambayo haina zawadi wala rafiki, na kiasi chake ni kidogo mno, labda shilingi 2,500 tu za "kuthibitisha anwani". Udogo wa kiasi hicho ndio mtego. Kiungo kilichomo kinampeleka mtu kwenye ukurasa unaofanana na wa posta, ambako ataandika namba za kadi yake ya benki, na kadi ndiyo inayotafutwa. Anwani ya tovuti husomwa kwa kuangalia kinachotangulia alama ya mkwaju `/` ya kwanza iliyo peke yake, kisha kurudi nyuma: tovuti ya Mamlaka ya Mapato huishia na `tra.go.tz` na ya posta `posta.co.tz`. Neno "posta" likitokea mwanzoni mwa anwani ndefu inayoishia na kitu kingine, halithibitishi chochote. Njia salama zaidi ni kuacha kiungo kabisa, ukafungua tovuti mwenyewe na kuweka namba ya kifurushi. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi iliyotuma: CN ni China na GB ni Uingereza. Kifurushi kinachodaiwa kutoka London huku namba yake ikiishia na CN kimekwisha kujikana.

Kuhusu haraka, ni kweli kwamba muda unagharimu, kwa maana ghala hutoza. Hata hivyo, muda wa sheria unahesabiwa kwa wiki. Mzigo uliowekwa kwenye ghala la forodha ukikaa siku 30 bila kutolewa, hutolewa tangazo, na mwenyewe hupewa siku nyingine 30 kabla haujahesabiwa kuwa umetelekezwa na kupelekwa mnadani. Vitu vinavyoharibika haraka ndivyo visivyopewa subira hiyo. Nafasi ya kupiga simu kwenye namba uliyoitafuta mwenyewe, au kwenda na kitambulisho na risiti kwenye ofisi ya posta iliyotajwa, kwa hiyo ipo.

Basi anayesema "mzigo wangu umekamatwa forodhani" huku mkononi ana karatasi yenye thamani, kiwango cha ushuru na kontroli namba, ingefaa aseme kwamba mzigo wake unasubiri kodi, akaukague na kuugomboa. Na anayeambiwa umekamatwa kweli, aombe kwanza ile taarifa ya maandishi yenye sababu, kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi.