Simu inasema iko sawa, fundi anasema imeachwa: nani mkweli?

"Nikitafuta sasisho, simu inaniambia 'Your system is up to date'. Fundi wa pale Majengo anasema kampuni iliishaacha kuihudumia. Nani mkweli, na je, niitupe?" Anauliza wakala wa pesa, Dodoma mjini.

Wote wawili wanasema kweli. Ukibonyeza pale, simu inaiuliza seva ya mtengenezaji kama kuna toleo jipya kwa modeli hiyo. Mtengenezaji akishaacha, seva inajibu hakuna, na simu inaona mambo safi. Ujumbe huo utausoma hata miaka kumi ijayo.

Cha kuangalia ni tarehe. Ingia Settings, kisha About phone, kisha Android version, utafute mstari wa Android security update au Android security patch level. Tarehe hiyo inakwambia matundu ya usalama yamezibwa hadi lini. Huyu wakala yake inasoma Desemba 2019, na mfumo ni Android 9.

Sasa tuone tarehe hiyo ina maana gani. Februari 2020 Google ilitoa kiraka cha tundu la Bluetooth lenye namba CVE-2020-0022, lililogunduliwa na watafiti wa ERNW, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Ujerumani. Kwenye Android 8 na 9, mtu aliye karibu, kwa mfano kwenye benchi la pili pale stendi ya Nanenane, angeweza kuendesha programu yake ndani ya simu yako bila wewe kubonyeza chochote. Alihitaji tu Bluetooth yako iwe imewashwa na aijue anwani yake ya kiufundi. Simu zilizopata kiraka zikapona. Ya wakala wetu haikukipata, na haitakipata.

Hapa ndipo wengi hawapaoni. Mdukuzi hahitaji kuvumbua tundu. Kila kiraka kinapotolewa kwa simu mpya, maelezo yake hutangazwa hadharani, kwa hiyo kwa simu iliyoachwa tangazo hilo ni ramani ya mahali pa kuingilia. Simu haijaharibika, ila orodha ya njia za kuivamia inarefuka.

Kwa nini mtengenezaji anaacha? Kiraka cha Google hakiingii moja kwa moja kwenye kila simu. Mtengenezaji anapaswa kukioanisha na modeli husika na kuijaribu upya, na sehemu nyingine zinamtegemea aliyetengeneza chipu. Huyo naye akishaachana na chipu ya zamani, kazi inakwama. Na simu ya bei ya chini ilishauzwa. Hakuna anayelipia kazi hiyo tena.

Kinachochanganya ni kwamba programu za Play Store huendelea kusasishwa, hivyo unahisi simu bado ina mwenyewe. Nazo huondoka moja moja. WhatsApp iliacha Android 4.4 mwanzoni mwa 2025, na mwaka huohuo Chrome ikasimama kwenye toleo la 138 kwa wenye Android 8 na 9. Kivinjari kikisimama ndiyo mbaya zaidi, maana ndicho kinachofungua kila kiungo unachotumiwa.

Kuitupa, hapana. Ila kwa wakala ningeanza na laini: laini ya pesa itoke humo iingie kwenye kitochi. Menyu ya *150*00# na wenzake haihitaji Android wala intaneti, na kitochi hakina programu ya kupakua itakayosoma meseji zako. Simu ile ya zamani ibaki ya redio, picha na kikokotoo, Bluetooth imezimwa, bila programu ya benki na bila barua pepe unayotumia kurejesha nywila.

Fundi anaweza kukushauri kuiflashi kwa mfumo kama LineageOS, Android inayotengenezwa na watu wa kujitolea badala ya mtengenezaji wa simu. Inawezekana ikiwa modeli yako imo kwenye orodha yao. Lakini ni lazima kwanza ufungue bootloader, kufuli linalozuia simu isiwekwe mfumo mwingine, na kuifungua kunafuta kila kitu, baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka baada ya hapo, na programu za ndani ya chipu zinabaki zilezile za zamani. Kwa simu ya biashara mimi nisingefanya hivyo.

Ukienda kununua nyingine, muda wa huduma huanza kuhesabiwa tangu modeli ilipotoka, siyo siku uliyoinunua. Samsung iliahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 ya 2024. Simu nyingi za bei nafuu huahidiwa michache zaidi. Kwa hiyo mtumba unaong'aa wa miaka mitatu unaweza kuwa umebakiza miezi tu. Uiwashe hapohapo dukani uisome ile tarehe kabla ya kutoa hela.

Na ile ya zamani ukiamua kuiuza, toa kwanza akaunti yako ya Google kwenye Settings, ndipo ufute kila kitu. Ukiifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni akaunti ikiwa bado imo, mnunuzi atakutana na skrini inayodai nywila yako, na atakurudia.