Kina kinachoonekana: kwa nini sarafu iliyo chini ya tangi huonekana karibu kuliko ilipo

Sarafu ya shilingi mia mbili iliniponyoka nikifunga mfuniko wa tangi letu la maji, lile la saruji lililochimbiwa ardhini. Maji yalikuwa yametulia tuli, na nilipochungulia niliiona inameta kwenye sakafu. Nikaikadiria kwa macho: iko sm 90 hivi kutoka usoni mwa maji. Nikafunga upawa kwenye fimbo ya mita moja, nikaizamisha wima mpaka vidole vikagusa maji. Upawa ukabaki unaning'inia juu ya sarafu. Nilipochukua ufito mrefu mkavu, nikausimamisha mpaka sakafuni na kuutoa, alama ya unyevu ilikuwa kwenye sm 120.

Hiyo sm 120 ndiyo kina halisi. Ile sm 90 niliyoiona kwa macho huitwa kina kinachoonekana, yaani umbali kutoka uso wa maji hadi mahali ambapo jicho linaiweka sarafu. Kinachoviunganisha viwili hivi ni mpindo wa nuru. Nuru husafiri hewani kwa kasi ya karibu km 300,000 kwa sekunde, lakini ndani ya maji hushuka hadi karibu km 225,000. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili unapata 1.33, ambayo ndiyo namba ya mpindo ya maji. Kwa mtu anayetazama kutoka juu moja kwa moja:

kina kinachoonekana = kina halisi ÷ 1.33

Sm 120 ukizigawa kwa 1.33 unapata sm 90. Kwa maneno mengine, maji huonekana yana robo tatu tu ya kina chake.

Hadi hapo wengi hukubali. Kisha huja swali ambalo mimi naliona ndilo swali lenyewe. Tunafundishwa kwamba mwali unaotoka majini wima kabisa haupindi, huenda zake moja kwa moja hewani. Basi nikiinama juu ya sarafu nikaitazama wima, na mwali haukupinda, kitu gani kimeipandisha?

Jibu ni kwamba mwali mmoja peke yake hausemi chochote kuhusu umbali. Unasema upande tu: sarafu iko kule. Ili jicho lijue umbali linahitaji angalau miali miwili itokayo nukta ileile ikiwa imeachana kidogo. Likiifuata kurudi nyuma, pale inapokutana ndipo linapoiweka sarafu. Na sisi tuna macho mawili, yaliyoachana kama sm 6.4. Hata ukiinama namna gani, haiwezekani yote mawili yawe juu ya sarafu wima kwa wakati mmoja.

Tuifuate miali hiyo kwenye tangi letu. Tuseme macho yapo sm 30 juu ya maji, na sarafu iko chini ya katikati ya pua. Kila jicho basi liko sm 3.2 kando ya mstari wima wa sarafu. Mwali unaofika jicho la kulia hutoka kwenye sarafu ukiwa umeinama kidogo sana: katika sm 120 za maji unasogea pembeni sm 2.4 tu, yaani sm 2 kwa kila sm 100 za kupanda. Ukiingia hewani unainama zaidi, kwa uwiano uleule wa 1.33. Sasa unasogea karibu sm 2.67 kwa kila sm 100, na katika sm 30 za hewa unamaliza ile sm 0.8 iliyobaki na kuingia jichoni.

Jicho halina habari kwamba njiani kulikuwa na kona. Linaurudisha mwali nyuma kwa mwinamo uleule wa mwisho. Kwa mwinamo huo wa sm 2.67 kwa kila sm 100, zile sm 2.4 za kando zinaisha baada ya kushuka sm 90 tu chini ya uso wa maji. Jicho la kushoto hufanya vivyo hivyo kutoka upande wake, na mistari miwili inakutana hapo. Ndiyo maana sarafu inaonekana palepale, juu ya mahali ilipo kweli, sm 30 kutoka sakafuni. Mwali wa wima haukupinda, na haukuhitajika kupinda.

Ukifumba jicho moja sarafu haizami ghafla, kwa sababu hata mboni moja ina upana. Miali inayoingia ukingo wake mmoja na ule mwingine imeachana pia, na lenzi ya jicho hujirekebisha kwa kadiri ya kuachana huko. Ila kwa umbali wa zaidi ya mita, jicho moja hukadiria kwa udhaifu zaidi kuliko mawili.

Fimbo yangu nayo ilipatwa na jambo hilohilo. Ncha yake ilikuwa sm 100 chini ya maji, lakini machoni ilikuwa sm 75, na sarafu sm 90. Nafasi ya sm 20 iliyobaki kati yao ilionekana kama sm 15. Kwa hiyo ukiwa unaokota kitu, ukishaizamisha fimbo linganisha ncha na kitu, vyote vikiwa majini, maana vimepandishwa kwa uwiano mmoja. Kosa ni kupima kwa macho ukiwa nje kisha kukata fimbo kwa kipimo hicho.

Kosa jingine nimeliona mara nyingi kwenye madaftari ya wanafunzi: kugawa kina cha tangi badala ya kina cha maji. Tangi likiwa na sm 150 na maji sm 120, ile hewa ya sm 30 iliyo juu haiguswi. Kutoka ukingoni sarafu itaonekana iko sm 30 kujumlisha 90, yaani sm 120. Na ukipata jibu kubwa kuliko kina halisi, umezidisha mahali pa kugawa.

Robo tatu ni ya kutazama kutoka juu tu. Ukirudi nyuma ukaitazama sarafu kwa mshazari, miali inapinda zaidi na sakafu inaonekana kupanda. Mwali unaofika jichoni ukiwa na pembe ya digrii 60 kutoka mstari wima ulikuwa na digrii 40.5 ndani ya maji. Ukiurudisha nyuma hadi juu ya sarafu, unakuta kina cha sm 59 hivi badala ya 90. Hii ndiyo sababu tangi au bwawa lenye sakafu tambarare huonekana la kina zaidi pale uliposimama na lenye kina kifupi upande wa pili, na ukisogea, bonde hilo linakufuata.

Kama unataka kulipima mwenyewe, chukua chombo cha kioo chenye maji ya sm 16 na sarafu mbili zinazofanana. Moja iweke ndani, nyingine ishike nje ukiibana na kioo. Tazama kutoka juu, kichwa kikienda kulia na kushoto, huku ukiipandisha ile ya nje. Ikiwa chini mno au juu mno, sarafu mbili zitaonekana zikipishana kila ukisogea. Zitakapoacha kupishana na kwenda pamoja, pima kutoka uso wa maji hadi sarafu ya nje. Utapata karibu sm 12. Subiri maji yatulie kwanza, kwani kila kiwimbi hubadilisha mwinamo wa uso, na sarafu ya ndani itacheza bila wewe kusogea.