Paneli ya wati 300 iliyojikana yenyewe kwenye picha

Wiki jana mama mmoja wa Ahero alinitumia picha tatu za paneli aliyouziwa Kisumu, karibu na soko la Kibuye. Jina lililoandikwa juu yake ni kubwa, kila fundi wa sola analijua. Lebo inasema wati 300. "Fundi, mbona redio na taa tatu tu zinamaliza betri kabla ya saa nne usiku?"

Jina sikulitazama sana, maana jina huchapishwa popote. Nilisoma mistari midogo iliyo chini yake: Pmax 300W, Vmp 18V, Imp 8.33A. Wati ni volti mara ampea, basi chukua kikokotoo cha simu, zidisha 18 kwa 8.33. Unapata 150. Aliyetengeneza lebo hii alinakili ya paneli ya wati 150, akabadilisha namba moja tu, ile ambayo mnunuzi huiangalia.

Basi ni ya 150? Nilimwomba aipime kwa futi: sentimita 102 kwa 67, yaani karibu mita 0.68 za mraba. Jua kali la adhuhuri huleta takribani wati 1000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza sehemu ya tano hivi kuwa umeme. Kwa ukubwa huo, 300 haiwezekani kabisa. Hata 150 ni ya kubana sana.

Picha ya karibu ndiyo iliyonipa jibu. Nilihesabu seli 36, yaani vile vipande vinavyotengeneza umeme, safu nne za seli tisa. Lakini kila seli ni ya mstatili, na kona zilizokatwa ziko upande mmoja tu. Seli nzima ya aina hii ni ya mraba, na kona zake zote nne zimekatwa. Hizi zimebaki na thuluthi mbili hivi. Volti hutokana na idadi ya seli, ampea hutokana na ukubwa wa seli. Kwa hiyo volti 18 ni za kweli, ampea 8.33 si za kweli.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika dukani. Muuzaji huweka mita kwenye paneli isiyo na mzigo, inasoma volti 21, wote mnaridhika. Paneli ya wati 10 yenye seli 36 ingesoma hivyo hivyo! Mwambie apime ampea saa sita mchana, paneli imelielekea jua na haijaunganishwa na betri. Ya mama ilitoa 5.7. Mara 18, ni kama wati 100.

Waya nao ulikuwa mwembamba kama wa chaja ya simu. Waya mnene haungethibitisha kitu, lakini huu haubebi ampea karibu 17 ambazo wati 300 kwa volti 18 zingehitaji.

Taa ndogo zina hila hiyo hiyo. Kipaneli cha sentimita 12 kwa 10 kikiandikwa wati 10, jua lote linalokiangukia ni wati 12.

Mama amerudi dukani na picha ya lebo, na ile hesabu ya 18 mara 8.33 nimemwandikia kwenye karatasi.