Kopo la iliki haliandikwi "viungo"

"Nimefungua mada ya kilimo kwenye katalogi ya maktaba, kitabu cha ufugaji nyuki hakimo. Kwani nyuki si kilimo?"

Ni kilimo, na wala kitabu hakikusahaulika. Kimeachwa nje makusudi. Mworodheshaji hukipa kitabu mada inayokienea, kama shati linavyomwenea mtu, kisha hukomea hapo. Mada pana zinazoizunguka hiyo hazitajwi.

Mimi nililijua hili kwa kuumbuka. Wiki yangu ya kwanza fildi nilipewa kitabu chembamba cha kurasa 80 kuhusu ufugaji nyuki Tanzania, nikaambiwa nikiandikie mada. Nikaandika tano: Kilimo, Mifugo, Wadudu, Ufugaji nyuki, Asali. Nikajiona nimefanya kazi. Msomaji aingie kwa mlango wowote, kitabu atakikuta. Mkutubi aliyekuwa akitusimamia akachukua penseli, akafuta tatu za mwanzo. "Mwanangu," akasema, "kitabu kinaitwa kwa jina lake. Wewe umetaja na mababu."

Nilidhani ni ubahili wa kadi, mazoea ya zamani ya kubana nafasi. Sivyo, na ilinichukua siku kadhaa kuelewa.

Fikiria rafu ya jikoni yenye makopo kumi na mawili: iliki, mdalasini, karafuu, bizari, na kadhalika. Kopo moja lina mchanganyiko wa pilau, na hilo ndilo limeandikwa "viungo". Sasa aje mtu mkarimu, kwenye kila kopo aongeze neno "viungo" chini ya jina lake, maana ni kweli, iliki ni kiungo. Anayetaka iliki hajapungukiwa kitu. Aliyeharibiwa ni anayetaka mchanganyiko: jana alinyoosha mkono mara moja, leo ana makopo kumi na mawili yenye jina lilelile na itabidi afungue moja moja anuse.

Hicho ndicho nilichokuwa nafanya. Mada ya "Kilimo" ina kazi yake: inakusanya vitabu vinavyozungumzia kilimo kwa ujumla. Tuseme maktaba ina vitabu 300 vya mahindi, kahawa, mbolea, kuku na nyuki, na kumi tu vinavyoeleza kilimo kizima. Tukivipa vyote mada ya "Kilimo", mwanafunzi anayetaka kitabu cha jumla atapata orodha ya 310, na vile kumi vimezama humo. Kwa hiyo kuongeza mada pana hakukifanyi kitabu cha nyuki kionekane zaidi. Kitakuwa cha 187 katika orodha ambayo hakuna atakayeisoma hadi mwisho.

Kanuni hii si ngeni. Charles Cutter, mkutubi wa Boston, aliiandika mwaka 1876 katika kanuni zake za katalogi, na mfano wake ulikuwa paka: kitabu kinachohusu paka kiwekwe chini ya "Paka", si chini ya elimu ya wanyama, wala mamalia, wala wanyama wa nyumbani. Karibu miaka 150 imepita, kompyuta zimekuja, na paka wa Cutter bado yuko palepale.

Upana wenyewe haujatupwa; umepewa rafu. Katika mpangilio wa Dewey, 630 ni kilimo, 638 ni ufugaji wa wadudu, 638.1 ni nyuki. Namba yenyewe imebeba ukoo mzima. Ukienda rafuni kwenye 630 ukatembea taratibu, utafika kwa nyuki bila kuuliza mtu. Ila kitabu kimoja hukaa mahali pamoja tu rafuni, ilhali mada kinaweza kubeba zaidi ya moja. Ndiyo maana penseli haikuigusa "Asali".

Hapo kuna hesabu kidogo. Mwongozo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, ambao maktaba nyingi huufuata, unataka mada ichukue angalau asilimia 20 ya kitabu ndipo iandikwe. Kwa kurasa 80, hizo ni kurasa 16. Sura ya kurina, kuchuja na kufungasha asali ilikuwa na kurasa 22: inapita. Sura ya vyama vya ushirika ilikuwa na kurasa 7: haipiti, hata kama mimi ndiyo niliyoipenda. Rekodi ikabaki hivi:

```
082 04 $a 638.1
650 _0 $a Bee culture $z Tanzania
650 _0 $a Honey $z Tanzania
```

Namba 650 ndiyo nyumba ya mada, na `$z` ni ya mahali. Ndiyo, mada ni za Kiingereza kwa kitabu cha Kiswahili. Orodha ya mada tunakochukua maneno hayo ni ya Maktaba hiyohiyo ya Bunge la Marekani, ambayo ina ofisi Nairobi tangu 1966 inayonunua na kuorodhesha vitabu vya kwetu, na kunakili rekodi iliyokwisha kutengenezwa ni rahisi kuliko kuanza upya. Tena hata huyo Mwingereza hasemi `Bee culture` akiwa kijiweni. Orodha imechagua neno moja ikalishikilia, na hayo mengine yanapaswa kumwelekeza mtafutaji huko.

Ukaidi huo una faida isiyotarajiwa. Jaribu kutafuta "mizinga" katika majina ya vitabu: utaletewa ya nyuki pamoja na ile ya ngome na manowari. Mada haichanganyi asali na baruti, kwa sababu aliyeiandika alikifungua kitabu kwanza.

Kanuni ina mahali inapojivunja, na hapo huwa nacheka. Kitabu cha maisha ya Mwalimu Nyerere hupewa jina lake, kisha hupewa pia `Presidents $z Tanzania $v Biography`, yaani yeye na kundi lake, kopo na neno "viungo" juu yake. Sababu ni ya kibinadamu: wapo wanaotafuta maisha ya marais bila kumlenga rais fulani.

Lakini si hivyohivyo kwa anayetafuta kilimo bila kulenga nyuki? Hapa Cutter alibahatisha kidogo. Alimtegemea msomaji anayejua anachotaka na kukitaja kwa jina lake. Niliokaa nao kaunta kwa miezi miwili wengi walianza na neno pana, kisha wakapunguza. Ni kaunta moja tu, siwezi kuisemea nchi. Ila kanuni iliwafikiria hao pia, kwa sharti moja: chini ya mada pana pawe na maelekezo ya "tazama pia", yanayomshusha msomaji ngazi moja moja, kutoka kilimo hadi wafugwao, hadi nyuki.

Katika ile maktaba maelekezo hayo yalikuwepo, kwenye makabati ya kadi. Niliikuta moja imeandikwa kwa taipureta, pembe zimelainika kwa kushikwa: "KILIMO. Tazama pia" na chini yake mada kumi na nne, nyuki ikiwa ya tisa. Kompyuta ilipoletwa, kadi za vitabu ziliingizwa zote. Kadi za "tazama pia" hazikuwa na kitabu, basi zikaachwa kabatini.